Simu zinazotoka karakana kila wiki: nitajuaje kama tumeshuka kweli au ni kupanda na kushuka kwa kawaida?

Karakana_Kkoo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nasimamia karakana ya kutengeneza simu hapa Kariakoo, mafundi wanne na dada mmoja wa kaunta. Kila Jumamosi jioni nahesabu kwenye daftari simu ngapi zimepona na kukabidhiwa kwa wateja wiki hiyo. Bosi anakuja, anaangalia namba moja tu, ya wiki hiyo, na kuilinganisha na ya wiki iliyopita. Ikipanda anaagiza soda, ikishuka tunasimamishwa mstari kama wanafunzi.

Namba zenyewe hizi, wiki ya 1 hadi ya 20:

41, 44, 39, 36, 42, 33, 38, 46, 48, 43, 35, 47, 37, 34, 39, 36, 32, 38, 35, 40

Wiki ya 6 ilipotoka 33 alikata posho ya chakula. Wiki ya 17 ilipotoka 32 alisema kuna fundi mmoja anatuangusha na atamwondoa mwisho wa mwezi. Jumamosi hii tumetoa 40 na amefurahi, anasema "mnaona, nilivyokaza mmeanza kupanda". Mimi nahisi tunabahatisha tu. Kuna namna ya kujua ni wiki gani ya kushtuka na ipi ya kuacha ipite? Sikukuu haikutufungia hata wiki moja kati ya hizo.

---

Kisu_Kikali

Mwondoe huyo fundi. Namba haidanganyi, 32 ni 32.

---

Fundi_Bodi

Kisu, wewe hujawahi kushika chuma cha kulehemu. Kioo nabadilisha kabla chai haijapoa. Simu iliyoingia maji nakaa nayo siku mbili, na pengine isiwake. Wiki ikija na bodi nyingi namba inashuka hata kama mafundi hawajainua kichwa. Mleta uzi, kwanza tuambie hizo 32 zilikuwa kazi za aina gani.

---

Nambari_Tupu

Mkuu hili ni jambo dogo. Chukua namba zote 20, tafuta wastani, unapata 39.15. Tafuta mchepuko sanifu, yaani kiasi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, kwenye Excel kwa `=STDEV(B2:B21)`, unapata 4.67. Zidisha mara mbili, ongeza na toa kwenye wastani. Mipaka yako ni 30 hadi 48 hivi. Namba zako zote zimo ndani. Kwa hiyo hakuna kilichobadilika tangu wiki ya kwanza hadi leo, mwambie bosi atulie. Hesabu imeisha.

---

Karakana_Kkoo

Ahsante Nambari, hii naweza kumwonyesha. Kwa hiyo 33 na 32 zote ni kawaida?

@Fundi_Bodi nimeangalia daftari, bodi ni kati ya 7 na 10 kila wiki, mwanzo hata sasa. Wiki ya 17 zilikuwa 8.

---

Mama_Trei

Na mimi nisaidieni hapohapo. Nina kuku wa mayai Kibaha. Trei zangu kwa wiki zinapungua taratibu tangu miezi mitatu iliyopita. Nikipiga hiyo hesabu ya Nambari napata mipaka mipana hadi haina maana. Nibadilishe chakula?

---

Mzee_wa_Ubora

Nimesoma wote. Nilikaa idara ya ubora kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka mingi, kazi yangu ilikuwa hiihii ya kuwazuia mameneja wasipige kelele bure. Nambari yuko sahihi nusu. Ni kweli 33 haina habari, wala 32 haina habari. Lakini kusema hakuna kilichobadilika si kweli, na namba zenyewe zinasema.

Tatizo la njia yake ni kwamba ukizichanganya namba zote 20 kwenye gunia moja, hata ukizipanga upya unavyotaka, wastani unabaki uleule na mchepuko unabaki uleule. Mpangilio wa wiki umeutupa. Na kwenye swali kama hili, mpangilio ndio wenye jibu.

Fanya hivi. Chukua wiki 12 za kwanza ziwe msingi wako. Wastani wake ni 41 kamili. Halafu tafuta tofauti ya kila wiki na iliyoitangulia, bila kujali imepanda au imeshuka: kutoka 41 kwenda 44 ni 3, kutoka 44 kwenda 39 ni 5, endelea hivyo. Utapata tofauti 11, na wastani wake ni 6. Huo ndio mrusho wa kawaida wa karakana yako kutoka wiki hadi wiki. Uzidishe kwa 2.66, unapata 16. Sasa 41 jumlisha 16 ni 57, na 41 toa 16 ni 25.

Kwenye Excel, wiki za msingi zikiwa B2 hadi B13:

```
C3:  =ABS(B3-B2)        (buruta hadi C13)
E1:  =AVERAGE(B2:B13)
E2:  =AVERAGE(C3:C13)
E3:  =E1+2.66*E2
E4:  =E1-2.66*E2
```

Chora mstari wa 41 katikati, 57 juu, 25 chini, kisha weka nukta za wiki zote 20. Mistari hiyo iache palepale, usiipige upya kila Jumamosi. Kisha rudi hapa uniambie unaona nini kuanzia wiki ya 13.

---

Karakana_Kkoo

Nimechora kwenye karatasi ya mraba. Hakuna nukta iliyotoka nje. Ila kuanzia wiki ya 13 hadi 20 zote zimekaa chini ya mstari wa kati. Zote nane!

---

Mzee_wa_Ubora

Hapo hapo. Wiki kumi na mbili za mwanzo zinavuka mstari huku na huku, hakuna upande uliokaa hata wiki tano mfululizo. Halafu ghafla nane mfululizo upande mmoja. Ukirusha sarafu mara nane, uwezekano wa zote kuangukia upande uleule ni 1 kati ya 128. Inaweza kutokea kwa bahati, lakini kiwandani kwetu ikifikia nane tulikuwa tunasimama na kuanza kutafuta.

Na angalia vizuri mambo yalivyokaa. Bosi wako alikasirika wiki ya 6, ambapo hapakuwa na kitu. Akatishia kufukuza mtu wiki ya 17, kwa sababu ya 32 ambayo peke yake ni ya kawaida kabisa. Na wiki ya 20, ambayo ndiyo imekamilisha ile nane na kutuambia karakana imeshuka kweli, yeye amefurahi. Wastani wa wiki hizo nane ni 36.4. Mnapoteza karibu simu 5 kila wiki, na hakuna aliyepiga kelele juu yake kwa sababu hakuna wiki moja iliyotisha.

---

Nambari_Tupu

Mzee shikamoo. Lakini hapa umenichezea. Kwa nini 12? Mimi nikichukua wastani wa wiki zote 20, yaani 39.15, wiki ya 20 yenye 40 inakaa juu ya mstari. Inabaki mfululizo wa saba tu, na kanuni yako ni nane. Umechagua msingi baada ya kuona namba.

---

Mzee_wa_Ubora

Marahaba. Swali zuri, na sitakukwepa. Msingi mzuri ni ule unaowekwa kabla, unasema "wiki 12 hizi ndizo kipimo", kisha kila wiki mpya inahukumiwa kwayo. Kijana angeanza kuchora wiki ya 12, angefika hapa leo bila mimi kuchagua chochote. Lakini hakuanza, na nimeziona zote kwa pamoja, kwa hiyo doa hilo lipo. Ukichanganya namba zilizoshuka kwenye msingi, mstari wa kati nao unashuka kuzifuata, na ile dalili inajificha. Ndiyo maana sitaki wastani wa zote 20.

Chati peke yake haihukumu. Inakuambia wapi pa kuchimba. Ukichimba wiki ya 13 usikute kitu, nitakubali kwamba Nambari ana hoja. Karakana, wiki ya 13 kulitokea nini?

---

Kisu_Kikali

Si mngeuliza hilo tangu mwanzo. Mambo ya kuzidisha 2.66 ya nini? Hiyo namba imetoka wapi hata?

---

Mzee_wa_Ubora

Imetoka kwenye 3 gawanya kwa 1.128. Hiyo 1.128 inabadilisha wastani wa tofauti za jirani kuwa kipimo cha mtawanyiko, na 3 ni upana wa mpaka. Upana wa tatu aliuchagua Mmarekani Walter Shewhart, aliyechora chati ya kwanza ya namna hii mwaka 1924 akiwa kwa watengenezaji wa vifaa vya simu, Western Electric. Simu zimerudi palepale. Aliuchagua kwa sababu ya gharama: ukibana mpaka, utakimbizana na hewa kila wiki; ukiupanua, tatizo la kweli litakupita. Nambari ameweka mbili. Kwa mpaka wa mbili, hata karakana isiyobadilika chochote ingekushtua karibu mara moja kila wiki 20.

---

Karakana_Kkoo

Wiki ya 13. Nimekaa na daftari na risiti. Kuna mambo mawili, na yote yameangukia wiki hiyohiyo.

Moja, tulihama duka la spea. Bosi alipata vioo vya bei ya chini kwa mwingine. Mbili, dada wa kaunta alienda likizo ya uzazi, fundi mmoja akawa anakaa kaunta asubuhi hadi saa sita. Na ndiye huyohuyo bosi anayetaka kumwondoa.

---

Fundi_Bodi

Yesu na Maria. Mtu mmekaa naye kaunta nusu siku kisha mnamlaumu hatoi simu.

Ila mimi nasema ni vioo. Kioo cha bei ya chini kinagusika leo, kesho kinajibonyeza chenyewe. Mteja anarudi, unafungua tena, unabadilisha tena. Hiyo kazi ya pili unaiandika?

---

Karakana_Kkoo

Haihesabiwi. Tunahesabu simu mara moja, inapotoka mara ya kwanza. Za kurudi tunaandika nyuma ya daftari kwa ajili ya dhamana. Ngoja niangalie.

Wiki za 9 hadi 12: zilirudi 1, 2, 1, 0.
Wiki za 17 hadi 20: 4, 6, 3, 5.

---

Mzee_wa_Ubora

Hizo namba ni ndogo, usizichoree chati zake, ila mwelekeo hauhitaji miwani. Kabla hujafunga kesi kuna jambo moja la kuondoa mezani. Pengine wateja ndio wamepungua. Karakana haiwezi kutoa simu ambazo hazikuingia. Simu zinazopokelewa kwa wiki zimebadilika?

---

Karakana_Kkoo

Zilizopokelewa ni zilezile, arobaini na kitu kila wiki, kabla na baada.

---

Mzee_wa_Ubora

Basi zipo mahali. Wiki nane kwa kiwango cha zamani zingekuwa simu 328, mmetoa 291. Pungufu ni 37. Kama zinaingia kama zamani na hazitoki, ziko rafuni au wenyewe wamezichukua bila kutengenezwa. Kahesabu.

---

Karakana_Kkoo

Mzee nimehesabu asubuhi hii. Kulikuwa na trei moja ya plastiki ya zinazosubiri, kwa kawaida simu 10 hadi 12. Sasa trei ni tatu, moja iko chini ya meza ya kulehemu, jumla simu 38 zenye vikaratasi vya majina. Nyingine tisa zimechukuliwa bila kutengenezwa, wenyewe walichoka kusubiri. Kumbe hizo trei nilikuwa naziruka kila siku nikipita.

---

Nambari_Tupu

Zilizoongezeka kama 27, jumlisha 9, ni 36. Mlitegemea 37. Basi, naondoa pingamizi langu kuhusu kushuka. Kuhusu namna ya kuchagua msingi bado nipo palepale.

---

Pwani_Printa

Salamu kutoka Mombasa. Nimefuatilia tangu jana. Mimi nina duka la kuchapisha, kadi za arusi, mabango na kadhalika. Shida yangu ni wiki zenye sikukuu. Wiki ya Idd nafungua siku tatu, namba inaanguka, chati inapiga kelele. Niziondoe wiki hizo?

---

Mzee_wa_Ubora

Usiziondoe, maana ukizoea kuondoa utaanza kuondoa na zile zinazokuudhi. Kama siku za kazi zinatofautiana, gawanya kazi zilizotoka kwa siku ulizofungua, uchore kazi kwa siku. Lakini kama msimu wenyewe unageuza biashara, kwa mfano miezi ya arusi unatoa mara mbili, basi mstari mmoja wa wastani kwa mwaka mzima haukufai. Weka mstari wa msimu na mstari wa nje ya msimu, na uvumilie kwamba data yako ya kila upande ni chache.

Mama Trei, sijakusahau. Wewe ndiye mwenye kesi ngumu kuliko hawa. Kuku wakishapita kilele cha kutaga, mayai hupungua polepole kwa umri hata ukiwalisha vizuri. Chati ya mstari ulionyooka itakuambia "kuna mabadiliko" kila mara, na itakuwa kweli, ila ni mabadiliko unayoyajua tayari. Unatakiwa kupima umbali kati ya trei zako na zile ambazo kuku wa mbegu hiyo na umri huo wanatarajiwa kutoa. Aliyekuuzia vifaranga huwa na jedwali hilo. Chora ile tofauti. Ikikaa sawa, usiguse chakula.

---

Mama_Trei

Ahsante baba. Na kuku wanaokufa je? Nilianza na 500 sasa ni 470 na kitu.

---

Fundi_Bodi

Gawanya kwa kuku walio hai, mama. Hilo hata mimi nalijua.

---

Karakana_Kkoo

Nimempelekea bosi chati. Ameielewa haraka kuliko nilivyotarajia, isipokuwa sehemu moja. Amegonga kidole kwenye mstari wa chini akasema: "Kwa hiyo mkitoa 25 mtaniambia ni kawaida? Kodi ya fremu nitalipa na kawaida?" Nilikosa jibu.

---

Mzee_wa_Ubora

Mwambie ana haki ya kukasirika, ila akasirikie kitu sahihi. Mpaka wa 25 hausemi kwamba 25 inatosha. Unasema karakana hii, kwa mafundi hawa, spea hizi na mpangilio huu, inaweza kumpa 25 wiki yoyote bila mtu yeyote kufanya kosa jipya. Kama 25 haimlipii kodi, basi kumkaripia fundi Jumamosi hakumsaidii, kwa sababu hakuna cha pekee kilichotokea wiki hiyo. Anachotakiwa kubadilisha ni karakana yenyewe: spea, watu, namna kazi zinavyoingia. Na hivyo vyote viko mikononi mwake, haviko kwa fundi.

Mwonyeshe pia hili. Wiki ya 6 alikata posho, zikafuata 38, 46, 48. Najua anaamini ukali wake ulifanya kazi. Wiki ya 9 ilipotoka 48 akanunua soda, zikafuata 43 na 35. Pengine anaamini ukiwasifia mafundi wanalala. Wiki ikitoka chini sana, inayofuata mara nyingi itakuwa juu yake hata bosi akiwa amesafiri, na ikitoka juu sana inayofuata itashuka. Nimewaona mameneja waliofanya kazi miaka thelathini wakijifunza kutoka kwenye namba kwamba matusi yanafaa na shukrani hazifai, na namba hazikuwaambia hivyo kamwe.

---

Pwani_Printa

Hiyo ya mwisho nimempelekea mjomba.

---

Kisu_Kikali

Lakini mzee, ukali nao unafaa wakati mwingine. Usiwafanye watu wategee.

---

Mzee_wa_Ubora

Unaweza kufaa. Ila huwezi kuuthibitisha kwa namba ya wiki moja baada ya nyingine, na hicho ndicho anachofanya.

---

Karakana_Kkoo

Mrejesho. Fundi habanduki, bosi amekubali. Anataka kufanya yote mawili Jumatatu: kurudi duka la zamani la spea na kuleta kijana wa kaunta. Nifanye yote kwa pamoja?

---

Nambari_Tupu

Usifanye yote. Rudisha spea kwanza, subiri wiki nane, ndipo ulete wa kaunta. La sivyo hutajua kipi kilikuwa chanzo.

---

Fundi_Bodi

Wiki nane mteja amekaa na simu mbovu ili wewe upate kujua? Wewe utakuwa hujawahi kusimama kaunta. Fanyeni yote.

---

Mzee_wa_Ubora

Mimi ningegawanya hivi. Spea rudisha Jumatatu, kwa sababu athari yake utaiona kwa haraka kwenye simu zinazorudi, huhitaji kusubiri jumla ya wiki. Zikirudi kuwa 1 au 2, jibu umepata ndani ya mwezi. Kijana wa kaunta mlete mwezi unaofuata. Lakini kama bosi ana hela ya vyote na wateja wanaondoka na simu zao, sitagombana na Fundi Bodi. Andika tu kwenye chati, chini ya wiki yenyewe, nini kimebadilishwa.

Jambo moja uliweke akilini: zile simu 27 za ziada zilizo kwenye trei zitatoka pia. Wiki za kwanza unaweza kuona 50 na zaidi kwa sababu mnamaliza kiporo, halafu namba ishuke. Usiipige mistari mipya hadi trei zirudi kuwa moja.

---

Karakana_Kkoo

Wiki ya 21: 49. Zilizorudi 4, ila tatu kati yake ni vioo vya lile duka la bei ya chini, vilivyowekwa kabla hatujarudi duka la zamani. Bosi ameshaagiza soda.

---

Nambari_Tupu

49 ni wiki moja. Mzee, si ndivyo?

---

Mzee_wa_Ubora

Ndivyo. Kunyweni soda.